Mvuvi, mwizi au mlevi? Namna ya kujaza neno lililoachwa herufi mbili za pembeni

Chemsha bongo hizi zinajulikana na kila aliyewahi kukaa kijiweni Kirumba, hapa Mwanza, akisubiri mzigo, au kwenye benchi la abiria pale Kamanga: neno linatolewa herufi ya kwanza na ya mwisho, katikati vistari vitupu, na pembeni kidokezo kimoja. Hapa tunachukua moja ya mambo ya ziwani, yenye maneno saba, na tunaijaza hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake yamo karibu mashaka yote yanayompata mtu anayejaza kwa Kiswahili.

1. M _ _ _ I: Hutoka usiku, hurudi alfajiri.
2. K _ _ _ _ O: Kikubwa, kinaelea, pale Kamanga wanakisubiri.
3. K _ _ _ _ _ I: Ikiwashwa gizani, dagaa huja.
4. K _ _ _ A: Bila hili mtumbwi hauendi.
5. K _ _ _ _ _ E: Ana masharubu, hana magamba.
6. C _ _ _ _ O: Mvuvi wa ndoana hatoki bila hiki.
7. N _ _ _ U: Zikichanika hushonwa.

Kabla ya kukisia chochote, hesabu vistari na umuulize mtunzi anahesabuje. Wapo wanaoiweka CH, SH, NY au DH kwenye kistari kimoja kwa kuwa ni sauti moja, na wapo wanaompa kila herufi kistari chake. Kwenye NG' ya ng'ombe wengine huipa hata ile alama ya juu nafasi yake, na neno la herufi sita likawa na nafasi saba. Hapa mtunzi amejifichua mwenyewe: namba 6 inaanza na C peke yake. Kiswahili hakina C isiyofuatwa na H, kwa hiyo tunajua kwamba anahesabu herufi moja moja, na pia tumepata herufi ya pili bure. Andika H hapo hapo.

Jambo la pili ni kutoitegemea sana herufi ya mwisho. Maneno ya Kiswahili, ukiacha machache ya kukopa kama maalum na salaam, yote yanaishia kwa irabu, nazo irabu ni tano tu. Kupewa A mwishoni mwa neno ni kupewa kitu kidogo sana. Herufi hiyo huanza kusema pale unapoisoma pamoja na ile ya mwanzo. M ya mbele na I ya nyuma mara nyingi ni mtu atendaye kazi fulani: mpishi, mlinzi, mjenzi. U na I ni kazi yenyewe: upishi, ulinzi, ujenzi. K na O ni chombo au kitu cha kufanyia jambo: kizibo, kifuniko, kipimo. K na A ndiyo jozi mbaya kuliko zote, kwa sababu hapo hugongana nomino za kila namna na vitenzi vingi vyenye KU mbele. Ukiikuta, iruke uirudie baadaye.

Lakini kinachofungua chemsha bongo ya Kiswahili haraka kuliko herufi zote mbili ni ngeli, nayo haimo kwenye vistari. Imo kwenye kidokezo. Mtunzi hawezi kuunda sentensi kuhusu jibu lake bila kulipatanisha, na upatanisho huo unalitaja jibu hata kama yeye hakukusudia.

Tazama namba 2. Kwa herufi sita, K mbele na O nyuma, tunapata kivuko, kiboko, kizibo, kipimo, kituko, na hata kokoto kwa asiyechoka kutafuta. Ukisikia "kikubwa" na "kinaelea" ukiwa ufukweni Mwanza, akili inakimbilia mawili: kivuko na kiboko. Yote mawili yamo ziwani, yote ni makubwa, yote huonekana yakielea, na kiboko naye wapo wanaomsubiri, kwa hofu. Hapo wengi hubaki wakibishana juu ya maana. Hakuna haja. Kiboko ni mnyama, na mnyama hata kama jina lake limeanza na KI hupatana kama mtu: kiboko mkubwa anaelea, watu wanamsubiri. Mtunzi ameandika "kikubwa", "kinaelea", "wanakisubiri". Ametaja kitu, si kiumbe. Jibu ni kivuko, na usingelijua hata jina la Kamanga ungelipata vilevile. Ndivyo ilivyo kwa kifaru, kinyonga na kipepeo: KI iko kwenye jina tu, haimo kwenye sentensi.

Namba 5 inakwenda njia hiyo hiyo kwa upande wa pili. Herufi saba, K na E: kikombe ni saba, kambare ni saba. Kidokezo kinasema "ana", "hana". Kikombe kimeondoka bila hata kuangalia masharubu. Hapa Kanda ya Ziwa utasikia pia kambale, na vistari havitakwambia mtunzi alikusudia ipi, kwa kuwa L na R zote zinakaa kwenye nafasi ileile. Andika ile uliyoizoea. Kama majibu yanasahihishwa kwa kulinganisha herufi kwa herufi, dai zote mbili zikubaliwe.

Namba 4 ndiyo ile jozi mbaya ya K na A, tena ya herufi tano. Orodha yake ni ndefu: kamba, kanga, kinga, kinda, kasia, kuvua, kulea, na bado. Ukianza kwa kuwaza vifaa vya mtumbwi, kamba itakuja ya kwanza, maana mtumbwi usiofungwa kamba ni mtumbwi uliopotea. Rudi kwenye neno "hili". Kamba huitwa hii, kanga huitwa hii, kuvua huitwa huku. Hili linataka neno ambalo wingi wake unaanza na MA: kinda, makinda, kasia, makasia. Kinda la ndege haliendeshi mtumbwi. Orodha iliyokuwa haiishi imebaki na neno moja kwa nguvu ya kionyeshi kimoja. Ndiyo maana tunasema jozi ya K na A irukwe ukiwa huna kidokezo chenye ngeli, lakini ikiwa nacho, inaweza kuwa rahisi kuliko zote.

Kasia linafundisha jambo jingine linalowakwamisha wengi: mkia wa irabu mbili. Mazoea ya Kiswahili ni konsonanti kisha irabu, kwa hiyo mkono wa anayejaza hupenda kuweka konsonanti kwenye nafasi ya mwisho kasoro moja bila kufikiri. Kwa neno la K _ _ _ A anaandika akilini "ka, kitu fulani, A" na anaanza kupekua B, D, G, mpaka Z. Akifika mwisho bila jibu anadhani neno halijui. Kumbe tatizo ni kwamba nafasi ile ni ya irabu: kasia, dagaa, pazia, kioo, ufagio, sikio. Ukikwama, kabla ya kulaumu msamiati wako, jaribu kuweka I, U, A, E au O mbele ya irabu ya mwisho. Jibu hujitokeza mara nyingi kuliko unavyotarajia.

Mkia huo huo ndio ulioficha jibu la namba 3. K na I, herufi saba, na watu wanaandika KI mbele kwa mazoea: kikundi, kipindi, kibanzi. Kidokezo kinasema "ikiwashwa", si "kikiwashwa". KI imekufa hapo hapo. Tunatafuta neno la ngeli ya kahawa na barua, linaloanza kwa K tu. Herufi K mwanzoni mwa neno huwa haifuatwi na konsonanti isipokuwa W, na H katika maneno machache ya Kiarabu, ukiacha mikopo kama klabu. Kwa hiyo ya pili karibu hakika ni irabu, na tukijaribu A tunapata kampuni, kampeni, kandili, karabai. Kampuni na kampeni haziwashwi. Zimebaki taa mbili.

Hapa ngeli haisaidii tena, kwa sababu zote mbili ni "ile", na hata idadi ya herufi inalingana. Kinachoamua ni kujua kazi yenyewe. Kandili ni taa ya utambi, mwanga wake ni wa kumulika njia au meza. Karabai hutumia mafuta ya taa yanayosukumwa kwa pampu na kuwaka ndani ya kofia ya kitambaa, mwanga wake ni mkali na mweupe, na ndiyo iliyotumika miaka mingi kuvutia dagaa usiku usio na mbalamwezi. Siku hizi taa za betri na za sola zinachukua nafasi yake, lakini kwenye chemsha bongo za ziwani karabai bado ndilo neno. Mtu asiyejua uvuvi wa dagaa ana haki kabisa ya kuandika kandili, na mtunzi hana hoja ya kumkatalia. Lawama ni ya kidokezo.

Namba 7 tuipitie haraka. N na U, herufi tano: ndugu, nguvu, njugu, nyavu, nungu. "Zikichanika" inaondoa ndugu na nungu, ambao ni viumbe, nazo nguvu na njugu hazishonwi. Jibu ni nyavu. La kukumbuka ni kwamba anayetafuta neno kwa umoja hatalipata kamwe, maana umoja wake ni wavu, unaoanza na W na una herufi nne. Ukikutana na N mbele na ZI kwenye kidokezo, fikiria pia wingi wa maneno ya U na W: uzi unakuwa nyuzi, uso nyuso, wimbo nyimbo. Tafuta jibu kwa umoja kwanza, kisha ligeuze, ndipo uhesabu.

Sasa turudi namba 1, iliyozua ubishi mkubwa kuliko zote sita zilizobaki. Hutoka usiku, hurudi alfajiri. Kila mtu wa Kirumba anaandika mvuvi bila kuinua kichwa. Mwingine kandokando yake anaandika mwizi, naye hajakosea: herufi tano, M mbele, I nyuma, na saa zake za kazi ni zile zile. Wa tatu anaandika mlevi, tena kwa ushahidi wa jirani. Zote tatu zinaingia, zote tatu zinapatana na kidokezo.

Kwa nini ngeli haikutuokoa? Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni wazi: wote ni watu, na watu wanapatana kwa namna moja. Ya pili ni ya kuiangalia kila mara. Mtunzi ametumia HU ya mazoea, "hutoka", "hurudi". HU haibebi ngeli yoyote. Mtu hutoka, gari hutoka, maji hutoka, vyote sawa. Watunzi wanaipenda kwa sababu inaufanya mstari usikike kama kitendawili, lakini kila wanapoiweka wanamnyang'anya anayejaza msaada wake mkubwa. Angalia namba 3 na 7: zina HU pia, "huja" na "hushonwa", ila zimeokolewa na "ikiwashwa" na "zikichanika". Kidokezo chenye HU peke yake kihesabu kama kidokezo kisicho na ngeli, na uandike orodha ya majibu kabla ya kuchagua.

Kwa jozi ya M na I iko njia moja inayosaidia kutunga orodha hiyo bila kubahatisha. Majina haya mengi yamezaliwa na vitenzi, na konsonanti ya mwisho ya kitenzi hubadilika kwa namna inayotabirika. K inakuwa SH: pika, mpishi. T inakuwa S: fuata, mfuasi. D huwa Z: penda, mpenzi, linda, mlinzi. B huwa V: gomba, mgomvi. Vua inatoa mvuvi, lewa inatoa mlevi, na iba, kwa ukaidi wake, inatoa mwizi. Basi soma kidokezo, jiulize mtu huyo anafanya kitendo gani, kigeuze kitendo kuwa jina, halafu hesabu herufi. Herufi zikifika saba au zaidi, jaribu kuweka J kabla ya I ya mwisho: mwindaji, mchezaji, mfugaji.

Pale unaporuhusiwa kuomba herufi moja ya msaada, usiombe ya katikati kwa kuwa tu iko katikati. Panga majibu yako wima, moja chini ya jingine, utazame ni nafasi ipi yanatofautiana yote. Mvuvi, mwizi, mlevi: nafasi ya pili ni V, W, L, ya tatu ni U, I, E. Yoyote kati ya hizo mbili inamaliza shauri. Nafasi ya nne ni V, Z, V, kwa hiyo ukiiomba ukapewa V, mwizi ameondoka lakini mvuvi na mlevi bado wamekaa pamoja, na msaada wako umekwisha. Kwa kandili na karabai ni kinyume: nafasi ya pili ni A kwa zote, haina faida yoyote, bali kuanzia ya tatu hadi ya sita yoyote inatosha. Kazi hii inachukua nusu dakika kwenye kipande cha karatasi, na wengi hawaifanyi kwa sababu wameshaamua jibu moja na wanaomba herufi ya kulithibitisha. Neno la kwanza likishakaa kichwani linaziba njia. Ndiyo maana ni vizuri kujilazimisha kuandika la pili hata kama la kwanza linaonekana halina mpinzani.

Imebaki namba 6, na hii inaonyesha mahali ambapo ufundi wote huu unafika kikomo. C, kisha H tuliyoipata bure, vistari vitatu, O. Yanaingia chanzo, chanjo, chimbo, chombo, chambo. Kidokezo kinasema "hiki", kwa hiyo chimbo, linaloitwa hili, na chanjo, inayoitwa hii, yameondoka. Chanzo tunakiondoa kwa maana. Chombo na chambo yanabaki, yametofautiana herufi moja tu, ya tatu, na mvuvi hatoki bila chombo kama asivyotoka bila chambo. Tegemeo pekee ni lile neno "ndoana". Mvuvi wa dagaa na mvuvi wa nyavu nao wanahitaji chombo. Mvuvi wa ndoana ndiye mwenye haja ya chambo, na mwingine huvua akiwa amesimama juu ya jiwe, hana chombo chochote. Mtunzi asingeweka neno hilo bila sababu. Kwa hiyo chambo. Ni hoja nzuri, lakini ni hoja, si uhakika kama ule wa kivuko.

Kuna aina ya jibu ambalo hata hoja haipatikani, nalo ni neno la mahali. Mtunzi wa Mwanza akiandika M _ _ _ O, "Asubuhi umejaa mitumbwi", kwetu ni mwalo, mahali mitumbwi inapofikia, bila ubishi. Kirumba tunasema mwaloni kila siku. Mtu wa Pwani anayeita pahali hapo diko atapekua mzigo, mtego, mdomo, mkono, yote ya herufi tano, yote yanapatana na "umejaa", na hatafika. Chemsha bongo ikitoka nje ya kanda, neno la namna hiyo lipewe herufi ya tatu bila kuombwa, kwa sababu ile ya pili, W, bado inaacha mwiko ndani.

Na kama wewe ndiye mtunzi, namba 1 inarekebishika kwa kubadili kidokezo tu: "Hutoka usiku, hurudi alfajiri na harufu ya samaki" inamtoa mwizi na, siku nyingi, mlevi. Kisha mpe mtu mmoja karatasi umwambie asijaze, bali aandike kila neno analoona linaingia. Akileta mawili kwenye mstari mmoja, mstari huo haujaiva.